Kamba Niliyomfunga Mdogo Wangu



Ndugu zangu, leo sileti tafsiri ya sura wala mas'ala ya twahara. Leo nawaleteeni jambo la nyumbani kwangu, na nimelikalia miaka mingi kabla ya kupata nguvu ya kuliandika. Wengi mnaonifahamu hapa Tanga mnajua kwamba nina mdogo wangu ambaye ni mgonjwa wa akili. Wachache mnajua kwamba mimi, kaka yake, niliyekuwa nikikaa mbele ya watu kusomesha subira, nilimfunga kwa kamba ya katani ndani ya stoo ya nyumba yetu. Kila akitawadha naiona alama ile kwenye vifundo vya mikono yake. Basi nisomee hadi mwisho, huenda na wewe unaye mtu wa namna hii nyumbani, au yupo nyumba ya pili na yako.

Ilianza mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 22. Alikuwa kijana mcheshi, fundi wa pikipiki, anayependwa na wateja. Kwanza akapoteza usingizi. Usiku anatembea uani, mchana amejifungia chumbani na ameziba dirisha kwa magazeti. Akaacha kazi. Akaacha kuoga. Akawa anazima redio ya mama akisema watangazaji wanamtaja yeye. Halafu akakataa kula chakula cha nyumbani, akisema kimetiwa sumu. Alikubali mayai ya kuchemsha tu, ayamenye mwenyewe, na ndizi, kwa sababu vitu vyenye ganda havitiwi sumu. Tulikuwa tukicheka jambo hilo la mayai. Wallahi tulikuwa tukicheka, hatukujua tunachokiona.

Mimi nilisema ni bangi. Nikamgombeza, nikampekua mifuko, sikukuta kitu. Miezi sita ikapita hivyo. Siku alipomtazama mama yetu na kumwambia, "Wewe si mama yangu, mama yangu mmemficha," ndipo niliposema hili si bangi, hili ni jini.

Hapa nataka unielewe vizuri. Mimi sikatai kuwepo kwa majini, hilo lipo katika imani yetu. Wala sikatai kumsomea mgonjwa Qur'ani, namsomea mdogo wangu mpaka leo, asubuhi na jioni. Kosa langu lilikuwa jingine. Nilifanya haraka kusema ni jini kwa sababu jini lilikuwa linanipunguzia aibu. Mtu akiwa na jini, ametupiwa, ameonewa. Mtu akiwa kichaa, ukoo mzima unaitwa ukoo wa vichaa. Nilichagua jina la ugonjwa kwa kuangalia majirani, sikumwangalia mgonjwa.

Nikampeleka kwa mtu anayesifika kwa kutoa majini. Siku arobaini. Alifukizwa moshi hadi akatapika, alipigwa fimbo za nyayo kwa hoja kwamba anayepigwa si yeye bali ni jini, na alinyimwa chakula. Alirudi amekonda na amevimba miguu, na sauti alizokuwa akizisikia zimezidi. Akawa anatoroka usiku. Hapo ndipo nilipochukua kamba. Wageni wakija kwangu anakuwa stoo, mlango umefungwa kwa kufuli, na mimi sebuleni nawamiminia kahawa na kuzungumza habari za dini.

Aliyetutoa huko ni dada yetu. Hana elimu ya dini kama mimi, hana cheo cha kuitwa shehe. Alikuja kutoka Korogwe, akafungua stoo, akakaa naye chini kwenye sakafu, akalia. Kisha akaniambia, "Kaka, ng'ombe wa baba akiumwa ulikuwa unamwita daktari wa mifugo. Huyu umemfunga." Kesho yake alfajiri tulikuwa kliniki ya afya ya akili.

Daktari alituuliza maswali zaidi ya saa nzima. Usingizi ukoje, anakula nini, anasikia sauti za watu wasiokuwepo, anaona anafuatwa, ilianza lini, kuna mtu katika ukoo aliyepata hali kama hii. Tukakumbuka baba mdogo mmoja wa upande wa mama, ambaye habari zake zilikuwa hazisemwi. Daktari akatuambia ugonjwa unaitwa skizofrenia. Akasema mara nyingi humwanza kijana wa kiume katika umri uleule, kuanzia mwishoni mwa ujana hadi miaka ya 20 na kitu, na hauna sababu moja. Kuna sehemu ya urithi, kuna namna ubongo unavyofanya kazi, na yapo mambo kama bangi yanayoweza kuuamsha kwa mtu aliye karibu nao. Hautokani na malezi mabaya. Mama alipomsikia alishusha pumzi, kwa maana alikuwa akijilaumu mwaka mzima.

Tukapewa vidonge vya haloperidoli, miligramu 5 usiku. Usichukue kipimo hicho ukakipeleka kwa mgonjwa wako, kila mtu hupimiwa chake. Nakitaja kwa sababu ya jambo lililotokea siku ya tatu, na nataka kila mwenye mgonjwa alijue.

Siku ya tatu, baada ya swala ya Alasiri, shingo ya mdogo wangu ilipinda upande mmoja ikakataa kurudi. Macho yakageuka juu, ukaonekana weupe tu. Taya likakaza, ulimi ukatoka nje. Wanawake wa mtaani wakajaa uani. Mmoja akasema, "Mnaona? Jini limekasirishwa na dawa za hospitali." Na kwa kweli, ukimtazama mtu katika hali ile na hujui, utaapa kwamba ni jini. Nikamwita msomaji. Alisoma kutoka Alasiri hadi Isha, na shingo iko palepale, mgonjwa anatokwa machozi kwa maumivu, kwa maana fahamu alikuwa nazo zote. Dada akaita bajaji, akampeleka hospitali. Muuguzi alipomwona hakushangaa hata kidogo. Akampiga sindano moja, na ndani ya nusu saa shingo ikarudi, macho yakashuka, akaomba maji.

Ndugu yangu, ile ilikuwa dawa. Dawa za aina ile, kwa watu wengine, hasa vijana wa kiume na hasa siku za mwanzo, hukakamaza misuli ya shingo, macho na taya. Hutokea, inajulikana, na ina dawa yake. Tulipewa kidonge kingine, benzheksoli, cha kuzuia hali ile isirudi. Natamani mtu angetuambia kabla. Najiuliza ni wagonjwa wangapi katika mitaa yetu waliachishwa dawa siku ya tatu kwa sababu ya shingo ile, wakarudishwa kwa fimbo na moshi. Kwa hiyo ukianza dawa, muulize daktari, "Katika wiki ya kwanza nitegemee nini, na nikiona nini nije mbio?" Na moja nalitaja hapa ili usilisahau. Mgonjwa anayetumia dawa hizi akipata homa kali, mwili mzima ukakakamaa kama ubao, na fahamu zikaanza kuyumba, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Usingizi ulirudi ndani ya siku chache. Sauti zilichukua zaidi ya mwezi kupungua. Hili nalo lijue, kwa maana wengi huacha dawa wiki ya pili wakisema haifanyi kazi. Mwezi wa tatu alianza kucheka tena. Mwezi wa tano akashika spana.

Mwezi wa nane nikafanya kosa la pili. Watu msikitini walikuwa wakiniambia, "Shehe, kijana amepona, mbona unamlisha vidonge? Atakuwa mtumwa wa dawa." Na mimi nikaona ni kweli, amepona, mwenye kumponya ni Mwenyezi Mungu, vidonge vya nini tena? Tukaviacha. Mwezi wa kwanza alikuwa mzima kuliko wakati wowote, mchangamfu, hana ule uzito wa dawa. Nikajisifu. Mwezi wa pili usingizi ukaanza kupungua. Mwezi wa tatu nilirudi nyumbani nikamkuta jikoni, mbele yake kuna sufuria, na ndani ya sufuria kuna mayai.

Ile mara ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, na ilichukua muda mrefu zaidi kutulia. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza, "Shehe, mwenye kisukari akiwa sukari yake imeshuka vizuri, unamwambia aache dawa?" Akanifafanulia kwamba kwa anayeugua mara ya kwanza, dawa huendelea angalau mwaka mmoja au miwili baada ya kutulia. Aliyerudiwa hukaa nazo miaka mingi, pengine maisha yake. Na kuzipunguza ni kazi ya daktari, kidogo kidogo, si ya msikiti wala ya baraza la kahawa.

Wapo wanaosema hospitali za wagonjwa wa akili ni mambo ya wazungu. Sultani Qalawun alipojenga bimaristani yake Kairo mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Waliotutangulia waliwatibu watu hawa, tena kwa mali za wakfu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kutafuta tiba na kwamba hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila dawa yake. Hakutufundisha kwamba ugonjwa wa kichwa uko nje ya mafundisho hayo.

Sasa nikuambie namna tunavyoishi, kwa maana hili ndilo mnaloniuliza sana kwa siri.

Dawa tunampa baada ya Magharibi. Mwanzoni tulikuwa tukimpa saa tano usiku, ikawa asubuhi haamki, Alfajiri inampita, na mimi nagomba kila siku. Kumbe usingizi ulikuwa ni wa dawa. Tulipomweleza daktari akasema tuisogeze mapema. Kwa hiyo kabla hujamwita mgonjwa wako mvivu, tazama saa anayomeza dawa.

Kuna wakati tuligundua vidonge nyuma ya kitanda. Alikuwa anavificha chini ya ulimi, anakunywa maji, akitoka anavitema. Nilitaka kupiga kelele, dada akanizuia. Akamuuliza kwa upole kwa nini. Akasema, "Dada, vinanifunga mwili. Miguu haitulii, nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kukaa." Hakuwa mkaidi, alikuwa na sababu. Daktari akapunguza kipimo, na baadaye wakakubaliana, mgonjwa mwenyewe akiwemo, wabadilishe kwenda sindano ya flufenazini, mara moja kila wiki nne. Tangu hapo ugomvi wa kila usiku umekwisha. Tarehe ya sindano imeandikwa ukutani karibu na kalenda ya swala. Mgonjwa akikataa dawa, kwanza tafuta inamuumiza wapi.

Tuna daftari la kurasa arobaini. Kila jioni anayekuwa zamu anaandika mistari mitatu: amelala saa ngapi, amekula nini, leo amekuwaje. Daftari hili limetusaidia kuliko mawaidha yangu yote, kwa sababu ugonjwa wake haurudi kwa ghafla, unapiga hodi. Kwake yeye dalili ni tatu. Usingizi unashuka chini ya saa nne. Anaacha kula sahani moja na sisi. Na anaanza kuomba mayai. Tukiona mbili kati ya hizo kwa siku mbili mfululizo, hatusubiri tarehe ya kliniki, tunakwenda. Tangu tuanze hivyo amerudiwa mara mbili, na mara zote mbili ilishikwa mapema, hakulazwa wala hakufungwa. Mgonjwa wako atakuwa na dalili zake nyingine. Kaa na walio nyumbani mkumbuke, kabla hajaugua mara ya mwisho, ni kitu gani kilitangulia.

Je, akisema anasikia sauti, umjibu nini? Mimi nilikuwa nikibishana naye. "Hakuna mtu! Sikiliza, hakuna mtu!" Akawa ananiona mimi ni katika wanaomfanyia njama. Halafu mama akawa anamkubalia, "Ndiyo mwanangu, nawasikia," akidhani anamtuliza, naye hofu ikazidi. Muuguzi alitufundisha njia ya katikati. Unamwambia, "Mimi siwasikii, lakini naona wanakutisha. Njoo tukae huku." Hujadanganya, hujamvunjia heshima. Akiwa amepandisha hasira, anazungumza mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini, mlango ukiwa wazi, na visu vimeshaondolewa jikoni. Watu kumi wakimzunguka wakimwambia atulie, hata mzima atapigana.

Na kuna swali nililoogopa kuliuliza, dada ndiye aliyeliuliza: "Ndugu yangu, unafikiria kujiua?" Nilidhani kuuliza ni kumfundisha. Daktari akasema la, kuuliza hakumpandikizii mtu fikra ile, kunampa mlango wa kusema. Na alisema. Alituambia kwamba wakati ule wa stoo alilifikiria kila siku. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Upande wa ibada, watu waliniuliza sana, wengine kwa kejeli. Kalamu imenyanyuliwa kwa asiyekuwa na akili mpaka akili imrudie. Katika fiqhi ya Imamu Shafi, swala zilizompita akiwa katika hali ile halipi, na funga vilevile. Akiwa ametulia, akili iko naye, anaswali na kufunga kama mimi na wewe, afya yake ikiruhusu. Ramadhani tunakwenda kliniki katika Shaabani, tunamuuliza daktari kama ataweza kufunga. Vidonge vilivyobaki huhamia kwenye futari, na sindano ya msuli isiyokuwa lishe, wanazuoni wengi wa zama zetu wanasema haifunguzi. Tunachokilinda zaidi mwezi ule ni usingizi. Kukesha hadi daku, usiku baada ya usiku, kunaweza kumrudishia ugonjwa mtu kama huyu. Kwa hiyo anaswali Isha, analala, anaamshwa daku. Tarawehe ndefu ataziswali mwaka ambao hali yake itaruhusu, in shaa Allah.

Sasa majirani.

Watoto walikuwa wakimrushia mawe wakiimba "chizi, chizi." Vijana wa kijiweni wakamwomba awauzie benzheksoli zake, kwa maana wanazilevya. Mtu mmoja alinunua simu yake kwa shilingi 5,000 siku aliyokuwa amezidiwa. Nilimfuata, nikamwambia muamala wa asiyekuwa na akili haukusihi, chukua elfu tano yako. Akairudisha kwa kununa. Msikitini, akisimama kwenye safu, pande zote mbili panabaki nafasi ya mtu. Na binti yangu mkubwa alipokuja kuposwa, posa ilivunjika wiki ya pili. Hawakusema sababu. Walisema tu kwamba wamesikia "habari za nyumba."

Usiku ule nilikasirika sana, kisha nikajiuliza: wamesikia kwa nani? Wamesikia barabarani, kwa sababu mimi sikuwahi kusema. Nilimficha mtu kwenye stoo, basi mtaa ukajaza wenyewe kilichomo ndani ya stoo. Mimi ndiye niliyewafundisha majirani kwamba huyu ni wa kufichwa.

Kwa hiyo Jumapili moja baada ya Isha niliwaalika barazani kwangu. Nilimwomba ruhusa mdogo wangu kwanza, akasema, "Waambie, kaka. Wanajua kila kitu isipokuwa ukweli." Nilialika nyumba kumi na mbili, wakaja watu saba. Sikutoa mawaidha. Niliwaambia jina la ugonjwa. Niliwaambia hauambukizi kwa kula naye wala kwa kumgusa. Niliwaambia wengi wenye ugonjwa huu hawamdhuru mtu, na mara nyingi zaidi wao ndio wanaodhuriwa. Niliwaambia akiwa anatembea anazungumza peke yake, mwiteni kwa jina lake na mumsalimie, ataitikia. Akipiga kelele usiku, msije kundi na fimbo, nipigieni mimi au dada, na namba zote mbili niliziacha kwa mwenye duka. Kisha nikawaambia habari ya kamba. Nilitaka waisikie kwangu.

Sikusema uongo kwamba wote walibadilika. Yupo jirani ambaye mpaka leo anawavuta wanawe ndani mdogo wangu akipita. Lakini mwenye duka alianza kumtuma kupanga maboksi ya soda na kumlipa. Na Ijumaa iliyofuata, mzee mmoja muuza samaki, mtu asiyezungumza sana, alitoka safu ya mbele, akaja kusimama kando yake, bega kwa bega. Ijumaa ya pili akafanya hivyohivyo. Ijumaa ya tatu nafasi ile ilikuwa haipo tena. Mimi nimekaa na elimu yangu miaka mingi na sikufanya alichokifanya mzee yule kwa hatua tatu.

Posa ya pili ilipokuja, nilitangulia mimi. Nikawaambia wazee wa upande wa pili, mdogo wangu anaugua hivi, na daktari ametueleza hivi. Kwa watu wote kwa jumla, ugonjwa huu humpata kama mtu mmoja katika mia, pengine pungufu. Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, kama mmoja katika kumi, yaani tisa katika kumi hawaupati. Mtoto wa ndugu yake ni pungufu zaidi ya hapo. Wakaondoka kimya. Wiki tatu hawakujibu, na mke wangu hakunisemesha vizuri wiki hizo tatu. Kisha wakaleta jibu la kukubali. Siku ya harusi mdogo wangu alivaa kanzu mpya, akala pilau na wageni, akakaa saa moja. Kelele zilipomchosha akaniambia, "Kaka, nirudishe nyumbani," nikamrudisha. Hilo nalo ni la kujua: kukaa saa moja vizuri ni bora kuliko kumlazimisha saa tano.

La mwisho ni mama yetu. Katika miezi minne ya mwanzo alilala kwenye mkeka mlangoni pa chumba cha mwanawe, ili akitoka usiku amkanyage yeye kwanza. Presha ikampanda, akaanguka bafuni. Tulikuwa tunamsifu kwa subira, na sifa zetu zilikuwa zinamuua. Sasa tuna zamu: usiku tatu zangu, mbili za mwanangu wa kiume, mbili za mama akiwa pamoja na binti wa jirani. Dada hutoka Korogwe siku za kliniki. Kama nyumbani kwenu kazi yote iko juu ya mtu mmoja, na mara nyingi huyo mmoja ni mwanamke, mgonjwa wenu si mmoja tena.

Ndugu yangu unayesoma, kama una mtu umemfungia ndani, sitakulaani, kwa maana najua ulivyofika hapo. Nakuomba jambo moja tu. Usiku wa leo kafungue mlango, ukae naye chini, umuulize mara ya mwisho alilala lini. Kesho asubuhi mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, useme "tunahitaji kliniki ya akili," watakuelekeza. Na kama huna mgonjwa, Ijumaa hii tazama safu. Ukiona mahali pameachwa wazi kando ya mtu, sogea.

Wakati naandika haya yeye yuko uani anajaza mapipa ya maji ya madrasa. Jana ilikuwa siku ya sindano. Amelala saa saba, amekula na sisi sahani moja. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atusamehe sisi tuliowafunga. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.